Ripoti ya ukaguzi wa nishati ya ofisi: kutoka kwenye bili hadi muda wa kurudisha gharama

Wanaoandika ripoti hii kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Uniti moja iliyookolewa ihesabiwe kwa bei gani? Kwa nini orodha ya vifaa haifanani na bili? Kwa nini jumla ya hatua zote inatoa uokoaji ambao mhasibu anaucheka? Mwongozo huu unajibu hayo kwa ofisi iliyopo tayari, yenye mita yake, ambayo mwenyewe anataka kujua afanye nini kwanza, kitagharimu kiasi gani na fedha yake itarudi lini.

Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni ofisi ya ghorofa tatu Dar es Salaam: mita za mraba 1,800, wafanyakazi 120, kazi Jumatatu hadi Ijumaa, yaani siku 250 kwa mwaka. Ofisi ni ya kufikirika, na bei za vifaa ni za mfano. Viwango vya umeme ni vya daraja la T2 la TANESCO kama EWURA ilivyovitangaza mwaka 2016: shilingi 195 kwa uniti na shilingi 15,004 kwa kila kVA kwa mwezi. Usivinakili. Chukua vilivyoandikwa kwenye bili unayoikagua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bili za miezi 12 mfululizo, si chini ya hapo. Miezi 24 ni bora zaidi, kwa sababu Februari ya Dar na Julai ya Dar ni kama miji miwili tofauti kwa viyoyozi.
- Mita ya klampu inayopima wati, si ampea peke yake. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.
- Kipima mwanga kinachosoma lux, na kipimajoto cha chumba.
- Kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, kwa ajili ya kompyuta, friji na dispensa za maji.
- Ruhusa ya maandishi ya kufungua bodi za umeme, pamoja na fundi mwenye leseni wa kuzifungua. Usifungue bodi peke yako, hata kama unajua.
- Namba ya simu ya mlinzi wa zamu ya usiku. Huyu ndiye shahidi wako mkuu.

## Hatua za kazi

### 1. Soma bili na utenganishe bei zake

Bili ya T2 ina sehemu tatu: uniti (kWh), mahitaji ya juu (kVA), yaani mzigo mkubwa kuliko wote uliovutwa kwa wakati mmoja ndani ya mwezi, na tozo ya huduma ya kila mwezi. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Ofisi yetu ilitumia uniti 216,000 kwa mwaka, na mahitaji yake ya juu yalikuwa kVA 92 kwa wastani wa mwezi. Ukijumlisha pamoja na kodi, mwaka mzima unagharimu kama shilingi milioni 71.8.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi liko hapa. Anayeanza hugawa 71.8 milioni kwa uniti 216,000, anapata shilingi 332, kisha anaitumia kama bei ya kila uniti atakayookoa. Lakini ukizima dispensa ya maji saa nane usiku, kVA haipungui hata kidogo, na tozo ya huduma iko palepale. Unachookoa ni uniti tu:

```
Bei ya uniti = 195 x 1.22 = 238
Bei ya kVA kwa mwaka = 15,004 x 1.22 x 12 = 219,600 (takriban)
```

Kwa hiyo 332 inakuza uokoaji wa usiku kwa karibu asilimia 40. Tumia bei mbili tofauti kwenye ripoti nzima: 238 kwa uniti, na 219,600 kwa kila kVA inayopungua kweli miezi yote 12.

Muulize mhasibu swali moja kabla hujaendelea: je, ofisi inarudishiwa VAT? Mfano wetu hairudishiwi, ndiyo maana tumezidisha kwa 1.22. Kampuni inayorudishiwa izidishe kwa 1.04, na bei ya uniti inashuka hadi 203. Andika jibu lake kwenye ripoti, maana mtu atakayeisoma baada ya mwaka hatakumbuka.

### 2. Pima usiku na mwisho wa wiki

Nenda Ijumaa saa moja jioni, watu wakishaondoka, usome mita. Rudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajaingia, usome tena. Katikati ni saa 59.

Angalia mita yenyewe kwa makini. Ofisi za ukubwa huu hupimwa kupitia CT, zile pete zinazozunguka nyaya kuu, na mita huona sehemu ndogo tu ya mkondo. Kama CT zimeandikwa 200/5, basi kila namba ya mita izidishwe kwa 40. Mita nyingine zimeshaingiziwa kizidishi ndani, nyingine hazijaingiziwa. Njia ya kujua ni rahisi: chukua bili ya mwezi uliopita, toa usomaji wa mwanzo kwenye usomaji wa mwisho, ulinganishe na uniti zilizotozwa. Tofauti ikiwa 450 na uniti zilizotozwa 18,000, kizidishi ni 40.

Kwenye mfano, mita ilisogea 6.8 kati ya Ijumaa na Jumatatu. Mara 40 ni uniti 272, ukigawa kwa saa 59 unapata kilowati 4.6 zinazowaka bila mtu ndani. Sasa toa zile zenye sababu: seva kilowati 1.5, kiyoyozi cha chumba cha seva 0.9, friji na taa za ulinzi 0.7. Jumla 3.1. Kilowati 1.5 zilizobaki hazina mwenyewe. Iweke namba hiyo pembeni, tutaihitaji hatua ya 4.

### 3. Pita chumba kwa chumba

Andika kila kifaa: idadi, wati zilizopimwa, saa kwa siku, na mahali kilipo. Wati za kwenye kibandiko ni za juu kabisa kifaa kinapoelemewa. Kompyuta yenye kibandiko cha wati 200 inaweza kusoma 60 kwenye kipima cha soketi siku nzima. Pima tano za kila aina, chukua wastani, endelea.

Kwenye viyoyozi na taa, bana waya mmoja tu kwa klampu. Ukibana kebo nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na klampu inasoma karibu na sifuri, nawe utadhani kifaa kimezimwa. Na ukizidisha ampea kwa volti 230 hupati wati, unapata VA. Kwenye taa za tyubu zenye choki ya zamani, VA inaweza kuwa mara mbili ya wati. Ndiyo maana klampu yako lazima isome wati yenyewe.

Tyubu ya futi 4 iliyoandikwa wati 36 haitumii 36. Choki yake inaongeza kama wati 9, kwa hiyo hesabu 45.

Kiyoyozi cha kawaida kisicho cha inveta kinawaka na kuzima. Kompresa ikiwaka kinatumia, tuseme, kilowati 1.8 kwa mashine ya BTU 18,000, ikizima inabaki feni tu. Ukihesabu 1.8 kwa saa zote 9.5 za siku utazidisha. Kaa na saa kwenye viyoyozi vinne au vitano, dakika 60 kila kimoja, mchana wa kawaida, uandike kompresa imewaka dakika ngapi. Ikiwa ni 42 kati ya 60, kipeo chako ni 0.7. Kazi hii inachosha na wengi wanairuka, kisha wanaanza kubuni kipeo ili orodha ilingane na bili.

Ukiwa chumbani, soma pia joto na mwanga. Mezani pa kazi za ofisi lengo la kawaida ni lux 500. Ukikuta 800, kuna tyubu za kuondoa na si za kubadilisha. Ukikuta 250, andika hivyo, kwa sababu taa mpya zenye mwanga uleule zitaleta malalamiko ambayo mwanzo hayakuwapo.

### 4. Linganisha orodha na bili

Ofisi ya mfano ilitoka hivi kwa mwaka:

| Matumizi | Hesabu | Uniti |
|---|---|---|
| Viyoyozi 42 vya ofisi | 42 x 1.8 x saa 2,375 x 0.7 | 125,685 |
| Tyubu 320 | 320 x 0.045 x saa 2,500 | 36,000 |
| Kompyuta 110 | 110 x 0.06 x saa 2,250 | 14,850 |
| Seva | 1.5 x saa 8,760 | 13,140 |
| Kiyoyozi cha seva | 0.9 x saa 8,760 | 7,884 |
| Friji, birika, pampu, taa za nje | vipimo mbalimbali | 9,000 |
| Jumla | | 206,559 |

Bili inasema 216,000. Pengo ni uniti 9,441, sawa na asilimia 4.4. Hapa ndipo ile namba ya pembeni inaporudi: kilowati 1.5 zisizo na mwenyewe, zikizidishwa kwa saa 6,260 ambazo ofisi imefungwa kwa mwaka, ni uniti 9,390. Pengo limejieleza. Ukimpigia mlinzi atakwambia ni viyoyozi gani anavisikia vikinguruma usiku na ghorofa ipi, na ukipita na kipima cha soketi utazikuta dispensa za maji zikichemsha na kupoza maji hadi Jumatatu.

Pengo chini ya asilimia 10 linakubalika. Likizidi, usiende hatua ya 5. Na usirekebishe saa za viyoyozi kwa siri mpaka namba zikubali, kwa sababu viyoyozi ndivyo vyenye uokoaji mkubwa, na uongo ulioufukia hapo utafufuka kwenye ukurasa wa mwisho.

### 5. Panga hatua kwa mfuatano, kisha hesabu moja baada ya nyingine

Hatua za kuokoa zinakulana. Ukiokoa asilimia 10 ya viyoyozi kwa kuvihudumia, kiyoyozi kipya cha inveta kitaokoa kutoka kwenye asilimia 90 zilizobaki, si kutoka kwenye 100. Kwa hiyo anza na za bure, fuata zinazopunguza mzigo, malizia na kubadilisha mashine. Kila hatua ianzie pale iliyotangulia ilipoishia.

Kuzima usiku. Katika kilowati 1.5 tunadai 1.0 tu, maana watu watasahau. Mara saa 6,260 ni uniti 6,260, mara 238 ni shilingi 1,490,000. Gharama ni taima za soketi kwa dispensa, pamoja na orodha ya mlinzi ya kukagua saa mbili usiku: 300,000. kVA hatudai, kwa kuwa mahitaji ya juu hutokea mchana.

Tyubu za LED. Kutoka wati 45 hadi 18, tofauti 27. Mara 320 ni kilowati 8.64, mara saa 2,500 ni uniti 21,600. Taa ikipungua, joto lake chumbani linapungua, na kiyoyozi kinapumua. Asilimia 70 ya taa ziko kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na viyoyozi hivi vya zamani huondoa vizio 2.8 vya joto kwa kila kizio cha umeme:

```
21,600 x 0.7 / 2.8 = 5,400
```

Jumla uniti 27,000. Taa zinawaka wakati wa kilele, kwa hiyo tunadai kVA 8. Fedha: 27,000 x 238 ni 6,426,000, na 8 x 219,600 ni 1,756,800, jumla 8,183,000. Gharama ni tyubu kwa 12,000 na fundi kwa 5,000, mara 320: shilingi 5,440,000.

Onyo moja la fundi liandikwe ndani ya ripoti: tyubu za LED zinazochukua umeme upande mmoja zinahitaji choki na stata kuondolewa na nyaya kubadilishwa. Mtu akija baadaye na kuchomeka tyubu ya zamani kwenye holda hiyo, anaweza kusababisha shoti. Kila taa ibandikwe lebo. Tyubu zilizotolewa zina zebaki ndani, zisivunjwe na kutupwa jalalani.

Kuhudumia viyoyozi na kupandisha joto hadi digrii 24. Msingi sasa si 125,685 tena. Toa zile 5,400 zilizookolewa na taa, unabaki na 120,285. Tulikuta rimoti nyingi ziko 18 na 19, na vichujio vimejaa vumbi. Tunadai asilimia 10 tu: uniti 12,028, shilingi 2,863,000. Watu wengine huandika asilimia 30 hapa kwa kuwa wamezisoma mahali. Mwezi wa Februari, wakati nje ni digrii 33 na kila mtu ana rimoti mkononi, asilimia 30 haionekani.

Angalia jinsi gharama inavyogawanyika. Kuziba mivujo ya gesi na kufunga vifuniko vya rimoti ni 1,000,000, mara moja. Huduma ya pili ya mwaka kwa viyoyozi 42 kwa 30,000 ni 1,260,000, na hii inarudi kila mwaka. Gharama inayojirudia haiongezwi kwenye mtaji, inatolewa kwenye uokoaji: 2,863,000 kutoa 1,260,000 ni 1,603,000. Ukiiweka upande wa mtaji, hatua itaonekana nzuri milele wakati fedha inaendelea kutoka.

Kapasita za kurekebisha pawa fakta, yaani wati kugawa kwa VA. Zikitolewa kVA 8 za taa, zinabaki 84. Pawa fakta iliyopimwa ni 0.85, kwa hiyo mzigo halisi ni kilowati 71.4. Kuipandisha hadi 0.97 kunashusha kVA hadi 73.6, nasi tunadai 10. Mtambo unaohitajika ni wa kvar 26.4, na sokoni utanunua wa 30 unaojiwasha kwa hatua. Uokoaji 2,196,000, gharama 5,500,000. Uniti hazipungui hata moja, na liseme hilo wazi, kwa sababu muuzaji wa kapasita atakuwa ameshamwambia mteja kinyume.

Viyoyozi 20 vya inveta badala ya vile vibovu zaidi. Msingi umebaki 108,257. Ishirini kati ya 42 vinabeba 51,551. Asilimia 35 ya hapo ni uniti 18,043, na kilele kinashuka kVA 5. Fedha: 4,294,000 na 1,098,000, jumla 5,392,000. Gharama ni 20 x 2,100,000, yaani 42,000,000.

### 6. Jaza jedwali kuu

Muda wa kurudisha gharama ni mtaji kugawa kwa uokoaji halisi wa mwaka. Hauhesabu riba, wala kupanda kwa bei ya umeme, wala umri wa kifaa. Ni kipimo cha kupangia foleni, basi.

| Hatua | Uniti/mwaka | kVA | Uokoaji (Sh) | Mtaji (Sh) | Muda |
|---|---|---|---|---|---|
| 1. Kuzima usiku | 6,260 | 0 | 1,490,000 | 300,000 | miezi 2.4 |
| 2. LED | 27,000 | 8 | 8,183,000 | 5,440,000 | miezi 8 |
| 3. Huduma na digrii 24 | 12,028 | 0 | 1,603,000 | 1,000,000 | miezi 7.5 |
| 4. Kapasita | 0 | 10 | 2,196,000 | 5,500,000 | miaka 2.5 |
| Jumla 1–4 | 45,288 | 18 | 13,472,000 | 12,240,000 | miezi 11 |
| 5. Inveta 20 | 18,043 | 5 | 5,392,000 | 42,000,000 | miaka 7.8 |

Hatua ya 5 imewekwa nje ya jumla makusudi. Ukiiingiza, kifurushi kizima kinakuwa mtaji wa milioni 54 unaorudi kwa miaka 2.9, na mteja hataona kwamba hatua nne nzuri zinaibeba mgongoni moja nzito.

Lakini usiishie kusema "haifai". Viyoyozi hivyo vitakufa siku moja, na kama ni vya gesi ya R22, gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, kwa hiyo kuvijaza kutazidi kuwa ghali. Siku kiyoyozi kinapokufa, swali linabadilika. Ofisi itanunua kipya vyovyote vile, na mtaji wa inveta unakuwa tofauti ya bei tu. Tuseme kiyoyozi kipya cha kawaida ni 1,600,000: tofauti ni 500,000, mara 20 ni milioni 10. Uokoaji nao unapungua, kwa sababu sasa unalinganisha na kipya cha kawaida na si na kikuukuu. Kwa asilimia 20 ni uniti 10,310, shilingi 2,454,000 kwa mwaka, na muda ni miaka 4.1. Pendekezo la kuandika ni hili: "Kiyoyozi kikifa, kinunuliwe cha inveta, vinavyofanya kazi visitolewe."

### 7. Andika ripoti yenyewe

Ukurasa wa kwanza ni jedwali kuu na sentensi tatu: ofisi inatumia kiasi gani, ifanye nini kwanza, itumie kiasi gani. Mkurugenzi hasomi zaidi ya hapo. Baada yake weka bili na mgawanyo wa matumizi, pamoja na pengo lake. Kisha kila hatua ipate ukurasa wake: hali iliyokutwa na picha, hesabu yote hadharani, mtaji kutoka kwenye profoma iliyoambatanishwa, na nani ndani ya ofisi atawajibika. Vipimo vyote viende kwenye kiambatisho.

Kila namba ya kukadiria iandikwe kuwa ni makadirio. Kipeo cha 0.7 kimepimwa, asilimia 10 ya huduma imekadiriwa. Msomaji ana haki ya kuona tofauti. Kwa walioko Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria pia: kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliagiza majengo yaliyotangazwa yakaguliwe kila baada ya miaka 3, na mwenye jengo atekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Ukimkuzia namba, umemwachia deni asiloweza kulilipa.

## Mambo yakienda kombo

Orodha inazidi bili. Karibu kila mara ni wati za kibandiko, au viyoyozi vilivyohesabiwa kama vile kompresa haizimi. Angalia pia vyumba vya mikutano: kiyoyozi kipo, lakini kinawaka saa mbili kwa siku.

Bili inazidi orodha kwa zaidi ya asilimia 10. Fuata mpangilio huu: kizidishi cha CT, mzigo wa usiku, pampu ya maji ya chini ya ardhi ambayo hakuna aliyekuonyesha, na mwisho, mpangaji mwingine. Duka la chini au mnara wa simu kwenye paa unaweza kuwa umeunganishwa nyuma ya mita ya ofisi. Zimeni swichi kuu ya ofisi Jumamosi, baada ya kuarifu watu wa seva, na mtazame kama mita bado inasogea.

Muda wa kurudisha gharama wa kapasita umetoka miaka 30. Umesahau kuzidisha kwa miezi 12.

LED zimefungwa, uniti zimeshuka, kVA imebaki palepale. Mahitaji ya juu yanachukuliwa kutoka kwenye kipindi kifupi kimoja cha mwezi, mara nyingi nusu saa. Jumatatu moja asubuhi, viyoyozi 42 vikiwashwa kwa pamoja kwenye jengo lililopata joto siku mbili, inatosha kufuta uokoaji wa mwezi. Panga viwashwe ghorofa moja baada ya nyingine, kwa kupishana robo saa, kuanzia saa moja na nusu.

Mteja anasema bili haijashuka. Mwulize analinganisha mwezi upi na upi. Kama taa zilifungwa Oktoba, Desemba itaizidi Septemba hata kazi ikiwa nzuri, kwa sababu ya joto. Linganisha Desemba na Desemba iliyopita, uangalie na idadi ya wafanyakazi haijaongezeka. Ukitaka ushahidi usiobishaniwa, rudia kipimo cha Ijumaa hadi Jumatatu. Mita ikisogea 5.3 badala ya 6.8, ile kilowati moja ya kuzima usiku imepatikana.